Kurithi Hisa Si Kurithi Kiti

Si ajabu katika pwani ya Kilwa na Lindi kukuta biashara ya samaki, ufuta au majahazi imesajiliwa kwa jina la baba peke yake. Afapo, biashara hiyo huingia katika mirathi pamoja na nyumba na shamba, na akaunti yake ya benki husubiri mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Mabaharia hawasubiri. Kampuni iliyosajiliwa BRELA haifi pamoja na mwenye hisa. Kinachorithiwa ni hisa zake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee wa Kilwa Kivinje, Mwislamu ambaye wazazi wake wametangulia, ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na wawili wa kike, pamoja na hisa zote 4,800 za kampuni. Baada ya madeni kulipwa, mjane hupata thumni, yaani hisa 600. Zinazobaki 4,200 hugawanywa mafungu sita: kila mwana wa kiume 1,400, kila binti 700. Mzee hangeweza kumwandikia mkubwa kampuni yote kwa wasia, kwa kuwa wasia kwa mrithi haupiti pasipo ridhaa ya warithi wenzake.

Angeweza, hata hivyo, kupanga nani ataongoza. Kaka mkubwa aliyesimamia majahazi akiwa meneja hulipwa mshahara kwa kazi yake, na gawio kwa hisa zake. Vitu hivi viwili visichanganywe. Dada aliyeolewa Lindi hana kazi katika kampuni, lakini gawio lake kwa kila hisa ni sawa na la kaka. Mjane akihitaji ada ya mjukuu, jambo hilo huenda kwenye baraza la familia, si kwenye kasha la duka. Baraza hukutanisha ndugu wote, wenye hisa na wasio nazo. Bodi ya wakurugenzi huamua mikopo, bei na ajira. Dalili ya kwanza kwamba mambo yamevurugika ni ndugu kuchukua fedha dukani na kuandikiwa “ya nyumbani”.

Sasa tazama kura. Kaka wawili wana 2,800, zaidi ya nusu, hivyo wanaweza kuteua wakurugenzi wote bila kumuuliza mama wala dada zao. Makubaliano ya baraza, hata yakisomewa dua, hayaizuii kampuni mpaka yaingizwe katika katiba yake. Humo mzee angeandika, akiwa hai, kwamba kiti kimoja ni cha mtu asiye wa familia, na kwamba anayeuza hisa awape kwanza ndugu zake siku 60, kwa bei ya mthamini wa nje. Kuibadili katiba kunahitaji robo tatu ya kura. Wote wakipiga, ni 3,600. Kaka wawili hawazifikishi peke yao.