KUSOMA UJUMBE WA MKATO KUTOKA KWA MWANACHAMA

Makatibu wa vyama vya msingi hupokea habari nyingi za wanachama kwa simu ya mkononi. Wanachama wengi hufupisha maneno, na mara nyingine kosa la herufi moja hugeuka hasara ya mazao. Somo hili lachambua ujumbe mmoja wa mfano:

*Kt. khwa yng c kavu bdo. mibuni 12 ya juu 2ngoe? nletee magunia 2*

Mtu asiyezoea huweza kuudhani ujumbe kama huu kuwa wa Kiingereza, kwa sababu herufi *c* na tarakimu 2 husomwa hapa kwa majina yake ya Kiingereza, ambayo hutoa sauti "si" na "tu". Lakini maneno yote ni ya Kiswahili, kwa hiyo jibu nalo litolewe kwa Kiswahili.

Herufi c. Ikisimama peke yake ni "si": kahawa *si* kavu. Katibu akiiruka, atapeleka gari kuchukua kahawa mbichi. Ikitangulia kitenzi huonyesha ukanushi: *ctaleta* ni "sitaleta". Walakini *cku* ni "siku" na *cmu* ni "simu", wala hapo hakuna ukanushi. Kwa hiyo yafaa kwanza kutazama sehemu inayofuata *c*: je, ni kitenzi? Ikiwa mwishoni mwa neno, ni silabi tu, kama katika *nafac*, yaani "nafasi".

Tarakimu 2. Ikishikamana na kitenzi mbele yake ni "tu" ya nafsi: *2taleta* ni "tutaleta". Ikifuata *m*, *wa*, *ki* au *vi* bila nafasi, hukamilisha jina: *m2* ni "mtu", *v2* ni "vitu". Hatari iko pale inaposimama peke yake baada ya jina. *Magunia 2* huenda ni magunia mawili. Huenda pia ni "magunia tu", yaani magunia bila kitu kingine. Hakuna kanuni ya sarufi iwezayo kukata shauri hilo. Katibu hana budi kuuliza.

Alama ya ritifaa iliyoachwa. Katika simu nyingi alama hii haiko karibu na herufi, na waandishi wengi huiacha. *Ngombe* hakumsumbui mtu, kwa kuwa hakuna neno lingine la kuchanganya nalo. Lakini *2ngoe* ni "tung'oe". Msomaji mwenye haraka hudhani mwandishi amesahau herufi *j*, akasoma "tungoje". Akijibu "Sawa" kwa nia ya kukubali wangoje, mwanachama atashika jembe, na mibuni 12 itang'olewa. Mbuni uliong'olewa haurudi, na mche mpya huchukua takriban miaka 3 kabla ya kuzaa.

Basi ujumbe kamili husomeka hivi: "Katibu, kahawa yangu si kavu bado. Mibuni 12 ya juu tung'oe? Niletee magunia…" na neno la mwisho hubaki na shaka.

Namna ya kujibu. Katibu asiige mkato wa mwanachama. Aandike maneno kamili, na kila kitendo akitaje kwa jina lake badala ya "Sawa" au "Ndiyo". Jibu lifaalo ni hili:

*Ndugu Mwanachama, kahawa isiyokauka usiilete. Mibuni 12 msiing'oe mpaka Bwana Shamba aione. Unahitaji magunia mangapi?*

Jibu hilo lina herufi 118 pamoja na nafasi na alama, nalo lafaa katika ujumbe mmoja wa kawaida, ambao huchukua herufi 160. Tahadhari ni moja. Simu nyingine hubadili ritifaa iliyonyooka kuwa ritifaa iliyopinda. Alama hiyo iliyopinda haimo katika orodha ya kawaida ya herufi za ujumbe wa simu, na ikiingia hata mara moja, nafasi ya ujumbe hushuka hadi herufi 70. Jibu hilo hilo litahesabiwa kuwa ujumbe mbili na kutozwa hivyo. Dawa yake ni kutumia ritifaa iliyonyooka, wala si kuiacha.

Ujumbe wa mwanachama unakiliwe katika daftari kama ulivyopokewa, na kando yake maana aliyoielewa Katibu. Ubishi ukizuka, Kamati itaona kosa lilipoanzia.

Maswali ya kujipima

1. Andika kwa maneno kamili: *cku ya mktano wa2 wte 2takuja, ila mimi ctaleta mzigo.*

2. Mwanachama ameandika: *malipo ya kwnza hjalipa.* Je, ni "hajalipa" au "hujalipa"? Nani anadaiwa? Andika swali ambalo Katibu angemrudishia.