Mkuu wa Kitivo Akisimama Kuzungumzia Alama za Kigunduzi

Mkuu wa kitivo anayetaka wahadhiri waache kumpeleka mwanafunzi kamati ya nidhamu kwa sababu tu kigunduzi cha akili mnemba kimetoa asilimia 68, asianze hotuba kwa kuwakemea. Wamechoka kusahihisha insha zinazofanana, na mara nyingi shaka yao ni ya kweli. Aanze na namba yenyewe. Katika Turnitin, 68 haina maana kwamba uwezekano wa mwanafunzi kudanganya ni asilimia 68. Ni kiasi cha maandishi ambayo programu inakisia kuwa yametoka kwenye mashine, na kisio lenyewe linaweza kuwa limekosea kuanzia sentensi ya kwanza.

Halafu aandike hesabu ubaoni. Tuseme kitivo kinapokea insha 1,000, na 100 kati yake ziliandikwa na mashine kweli. Kigunduzi kinanasa 80. Katika zile 900 za haki kinakosea kwa asilimia 1, yaani insha 9. Basi washukiwa ni 89, na 9 hawana kosa. Sasa kosa lipande hadi asilimia 5: wasio na kosa wanakuwa 45 kati ya washukiwa 125, zaidi ya mmoja katika kila watatu. Hapo anyamaze kidogo, watu waitazame namba. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilipiga hesabu ya aina hii mwaka 2023. Mwaka uliotangulia kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 kwenye Turnitin; kwa kosa la asilimia 1 lililotajwa na kampuni yenyewe, kazi 750 hivi zingeshukiwa bure. Kikakizima kigunduzi.

Mtu atauliza kwa nini tukadirie 5 badala ya 1. Jibu liko kwenye namna vigunduzi vingi vinavyofanya kazi: vinapima jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Mwanafunzi anayeandika Kiingereza kama lugha yake ya tatu hushika maneno anayoyaamini na miundo aliyofundishwa, kwa hiyo anatabirika. Watafiti wa Stanford walivijaribu vigunduzi saba mwaka 2023 kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zote zilizoandikwa na watu, na kwa wastani zaidi ya nusu zilihesabiwa kuwa za mashine. Mkuu aseme pia kwamba Turnitin haikuwa miongoni mwa hivyo saba, na kwamba programu hizi hubadilishwa mara kwa mara. Akilificha hilo, mhadhiri mmoja atalitaja, na hotuba itaishia hapo.

Sehemu inayobaki iwe ya utaratibu, na ndiyo ichukue muda mrefu zaidi. Alama ikitokea, mhadhiri asimwandikie mwanafunzi barua pepe ya kumtaka akiri. Aliye na hofu ya kufukuzwa anaweza kukiri lolote. Wala asiipeleke insha kwenye kigunduzi cha pili ili kupata uhakika: viwili vinavyopima kitu kilekile vinaweza kumkosea mtu yuleyule, na kazi ya mwanafunzi itakuwa imepakiwa kwenye tovuti ya watu bila ridhaa yake.

Mhadhiri aanze na marejeo. Kitabu kisichokuwepo, au makala iliyobandikwa jarida ambalo halikuichapisha, ni kosa linaloonekana na linalosimama lenyewe hata kigunduzi kikisahauliwa. Kisha ailinganishe insha na maandishi ya mwanafunzi huyohuyo ya chumba cha mtihani. Amwombe rasimu; kama aliandika kwenye Google Docs, historia ya faili huonyesha kazi ilivyokua siku kwa siku, au ilivyobandikwa yote kwa mkupuo mmoja. (Kubandika nako si hatia, wapo wanaoandika kwingine umeme ukikatika.) Mwisho amwite kwa dakika kumi na tano, mhadhiri mwingine akiwepo, amuulize kuhusu insha: kwa nini ulichagua mfano huu, dai la ukurasa wa tatu ulilipata wapi. Aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili, kwa kuwa kinachopimwa ni kama anaijua kazi yake.

Kinachoandikwa kwenye barua ya mashtaka kiwe hicho kilichoonekana. Ripoti ya kunakili humwonyesha mshtakiwa aya yake na chanzo chake sambamba, akaweza kujitetea; alama ya akili mnemba haina chanzo cha kuonyesha. Nchini Kenya, ibara ya 47 ya Katiba inampa anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na sijui kamati itaandika nini kama sababu yake pekee ni namba ya programu.

Hatua zote zikifuatwa na kisipatikane kitu, insha isahihishwe kama nyingine yoyote, na alama ya kigunduzi isiingie kwenye faili la mwanafunzi.