Somo la Nne: Nzi na Sahani ya Saidi

Kwa mzazi au mlezi

Somo hili lina sehemu tatu: hadithi ya kusomewa mtoto, maelezo kwa mtu mzima, na zoezi la kufanya pamoja. Tunapendekeza msome hadithi kwanza bila kukatiza. Maswali ya mtoto yatakayofuata yamejibiwa kwenye maelezo.

HADITHI

Nyumba ya kina Mwanaidi iko Tanga, hatua chache kutoka barabarani. Humo wanaishi Bibi, Mama, Mwanaidi mwenye umri wa miaka 9, na mdogo wake Saidi ambaye ametimiza miaka 2. Nyuma ya nyumba kuna banda la kuku, na kando ya banda kuna shimo la taka. Ndani ya shimo hilo aliishi Nzi.

Siku ya kwanza, Mama alipika wali, maharage ya nazi na samaki. Wote walikula saa saba mchana, isipokuwa Saidi aliyekuwa amelala. Mama akamwambia Mwanaidi, "Mwanangu, mwekee mdogo wako sehemu yake, kisha uifunike." Mwanaidi alipakua vizuri. Kabla hajaifunika sahani, wenzake wakamwita nje kucheza rede, naye akatoka mbio.

Wakati huo Nzi alikuwa shimoni, akitembea juu ya matumbo ya samaki yaliyotupwa asubuhi. Kabla ya hapo alikuwa amezuru kinyesi cha kuku. Upepo ukamletea harufu ya nazi. Nzi hakuwa na nia mbaya kwa Saidi. Alikuwa na njaa tu, wala hakujua kwamba miguu yake ni michafu. Akaingia kwa dirisha, akatua juu ya wali, akaonja kwa miguu yake, akasema, "Karamu hii imeandaliwa kwa ajili yangu!" Akala, akaruka, akarudi, akala tena.

Saidi aliamka saa tisa na nusu. Bibi alipokwenda kuchukua sahani, aliwaona nzi wanne wakiinuka kwa pamoja. Alisimama kimya kidogo, kisha akamwita mjukuu wake.

"Mwanaidi, wageni hawa wamefika saa ngapi?"

"Sijui, Bibi."

"Nami sijui. Chakula ambacho hatujui kimekaa na nani na kwa muda gani, hatumpi mtoto."

Bibi akakimwaga. Mwanaidi akalia, kwa kuwa kile kilikuwa kipande cha mwisho cha samaki. Saidi naye akalia kwa njaa mpaka Mama alipomkorogea uji.

Siku ya pili, Mwanaidi hakusahau. Alitandaza kitambaa safi juu ya sahani, akaketi karibu kulinda. Nzi akaja, akazunguka, akatua juu ya kitambaa. Palikuwa na mahali kitambaa kilipogusa maharage, na mchuzi ulikuwa umepenya ukakilowesha. Nzi akaweka mdomo wake hapo hapo, akaanza kunyonya.

"Bibi, nimefunika, na bado anakula!"

"Umefunika, mjukuu wangu, lakini kitambaa kimegeuka kuwa meza yake. Kifuniko kisiguse chakula."

Kwa kuwa nzi alionekana mara tu alipotua, Mama alimfukuza, akayarudisha maharage jikoni na kuyachemsha mpaka yakatokota kote. Sehemu ya wali iliyoguswa na kitambaa kilicholowa aliiondoa.

Siku ya tatu, Bibi alishusha kawa lake la miyaa kutoka ukutani. Mwanaidi akalifunika juu ya sahani kwa furaha. Hata hivyo, alikuwa ameacha kijiko ndani ya sahani, na mpini wake ukachungulia nje, ukaliinua kawa upande mmoja. Nzi alizunguka mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili, na mara ya tatu akauona mlango. Mwanaidi, aliyekuwa akitazama, akamfukuza kabla hajaingia. Akatoa kijiko, akalikalisha kawa sawasawa juu ya meza, akapitisha kidole kuzunguka ukingo wote. Hapakuwa na upenyo.

Siku ya nne, Nzi alikuja kama kawaida. Alitembea juu ya kawa kutoka chini hadi kileleni, akashuka upande wa pili. Harufu aliisikia, lakini mlango hakuuona. Akarudi shimoni kwake, akakuta Mwanaidi na Mama wamefukia taka kwa udongo.

Bibi akacheka. "Leo tumefunika kombe, na mgeni amepita."

Saidi alipoamka, kawa likafunuliwa mbele yake. Chakula kilikuwa chake peke yake.

MAELEZO KWA MTU MZIMA

Nzi anachokifanya kwenye sahani

Watoto wengi huuliza: mbona nzi hang'ati, naye anadhuru? Jibu ni kwamba nzi wa nyumbani hana meno. Mdomo wake hufanana na sifongo, na kwa hiyo huweza kufyonza majimaji pekee. Akikuta chakula kikavu, kama punje ya wali, hukitapikia mate na majimaji kutoka tumboni ili kukilainisha, kisha hukifyonza. Majimaji hayo hubeba mabaki ya mlo wake uliotangulia. Aidha, nzi hunya mara kwa mara, hata akiwa anakula. Miguu yake 6 ina vinyweleo na nyayo zenye kunata, ambavyo husomba uchafu kutoka chooni, jaani au bandani. Kwa njia hizi tatu, yaani matapishi, kinyesi na miguu, huweza kuleta vimelea vya kuhara, kuhara damu na kipindupindu.

Dalili ya ziara za nzi huonekana hata yeye mwenyewe akiwa ameondoka. Tazameni waya wa taa, ukuta wa jikoni au upande wa juu wa kifuniko. Vidoa vidogo vyeusi ni kinyesi chake, na vile vyenye rangi hafifu ya manjano ni matapishi. Mkiviona juu ya kifuniko, kifuniko kimefanya kazi yake na sasa kinahitaji kuoshwa. Kawa la miyaa lisugueni kwa maji ya sabuni na kulianika juani mpaka likauke kabisa.

Kifuniko kifaacho

Kifuniko kizuri hutimiza masharti matatu yaliyomo katika hadithi. Kwanza, hakigusi chakula. Kitambaa au chandarua kilicholalia chakula humruhusu nzi kufyonza na kutapika kupitia matundu yake. Pili, ukingo wake hukaa sawa juu ya meza au sinia bila kuinuliwa na kijiko. Tatu, huwekwa mara tu chakula kinapopakuliwa, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna nzi aliyefungiwa ndani. Kawa, sufuria yenye mfuniko wake, au bakuli lililofudikizwa juu ya sahani, vyote vinafaa. Si lazima kununua kitu kipya.

Kifuniko kisichoweza kukifanya

Kifuniko humzuia nzi, lakini hakizuii vimelea vilivyokwisha kuingia kuongezeka. Katika joto la kawaida la nyumbani, vimelea vichache huzaana haraka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, hata kama kimefunikwa. Rudini kwenye siku ya kwanza: sahani ilipakuliwa saa saba, na Saidi aliamka saa tisa na nusu. Hata kama nzi asingetua, muda ulikuwa umepita kwa nusu saa. Familia isiyo na jokofu ifanye mojawapo kati ya haya: kumpikia mtoto karibu na wakati wake wa kuamka, au kukihifadhi chakula kikiwa cha moto sana katika hotipoti. Chakula kilichokwisha kuwa vuguvugu hakifai kuwekwa humo, kwa kuwa hotipoti itakitunzia uvuguvugu ule ule ambao vimelea huupenda.

Kimwagwe au kipashwe?

Swali hili ni zito, kwa sababu chakula ni fedha. Bibi alimwaga siku ya kwanza, ilhali Mama alichemsha siku ya pili, na wote wawili walikuwa sahihi. Siku ya pili nzi alionekana alipotua, muda ulikuwa mfupi, na maharage ni chakula kinachoweza kuchemshwa kote. Kuchemsha huko huua vimelea vingi. Siku ya kwanza, idadi ya nzi, muda na uchafu waliouleta havikujulikana. Baadhi ya vimelea vikikaa ndani ya chakula hutoa sumu isiyoharibika kwa moto, hivyo chakula huweza kuchemka vizuri na bado kikamdhuru mlaji. Vyakula visivyopashwa, kama tunda lililokatwa au kachumbari, vikitembelewa na nzi visipewe mtoto mdogo. Mtoto wa umri wa Saidi hupungukiwa maji mwilini haraka anapoharisha. Akiharisha, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, huku akiendelea kunyweshwa.

Kwa nini walifukia taka

Nzi jike hutaga mayai kwa mafungu, na fungu moja huweza kuwa na mayai 100 au zaidi. Katika hali ya joto, yai hupasuka ndani ya siku 1, likatoa funza, na funza huweza kuwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Hesabu hii ina faida kwetu. Taka za chakula zikifukiwa au kuondolewa walau mara 2 kwa wiki, na kinyesi cha kuku kikaondolewa bandani kwa ratiba hiyo hiyo, funza wengi hawapati muda wa kukomaa. Tundu la choo cha shimo nalo liwe na mfuniko.

ZOEZI

Mchovye mtoto ncha za vidole 6 katika majivu yaliyolowa, kama miguu 6 ya nzi. Mwambieni atembeze vidole hivyo juu ya karatasi nyeupe kwa hatua 5. Hesabuni alama pamoja: hazipungui kwa haraka, na hatua ya mwisho bado ina majivu. Kisha fudikizeni bakuli juu ya karatasi nyingine, naye arudie kutembeza vidole juu ya bakuli. Fungueni, mtazame karatasi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Bibi alimwaga chakula siku ya kwanza, lakini siku ya pili Mama hakumwaga maharage?
2. Kitambaa kilikuwa safi. Kwa nini hakikutosha?
3. Nani aliyefungua mlango wa nzi siku ya tatu?
4. Leo nyumbani kwetu, ni chakula gani kilicho mezani bila kifuniko, na kimewekwa hapo tangu saa ngapi?