Jumla ya Mikimbio katika Besiboli: Namba ya Kwenye Mkeka Hutoka Wapi?

Anayebashiri jumla ya mikimbio katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani hachagui mshindi. Anachagua iwapo mikimbio ya timu zote mbili, yaani pointi zao, itazidi namba iliyowekwa na kampuni au itapungua. Kabla ya kuweka dau, inafaa mteja ajue namba hiyo imebeba nini.

Tuchukue uwanja wa Coors Field mjini Denver, ulio takribani mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo mpira uliopigwa huenda mbali zaidi, na mpira wa mrushaji haupindi vizuri. Tangu 2002 mipira huhifadhiwa humo katika chumba chenye unyevu uliodhibitiwa ili isikauke. Hata hivyo, uwanja huo umebaki maarufu kwa mikimbio mingi.

Sasa tufanye hesabu, kwa takwimu za mfano tu. Timu ya wastani hupata mikimbio 4.5, hivyo mbili hupata 9. Timu moja ina mrushaji wa kuanzia aliye hodari, ambaye kwa awamu tisa huruhusu mkimbio mmoja pungufu ya wastani. Wengi hutoa mkimbio mzima, na hapo ndipo hukosea: mrushaji huyo akitolewa baada ya awamu sita, ameokoa theluthi mbili tu. Tunabaki na takribani 8.3. Uwanja ukiongeza asilimia 20, tunafika 10.

Kampuni nayo imeshafanya hesabu hiyo. Ikiandika 10, sifa za Denver zimo ndani tayari, na anayechagua “juu” kwa sababu ya Denver peke yake anaihesabu hewa ileile mara mbili. Upepo nao huhesabiwa. Katika uwanja wa Wrigley Field, Chicago, upepo unaovuma kuelekea nje huongeza mikimbio, na ule wa kutoka ziwani huirudisha mipira ndani. Kwa hiyo namba ya huko hubadilika siku yenyewe ya mchezo.

Tuseme kila upande unalipa 1.91. Dau la shilingi 10,000 likishinda hurudisha 19,100. Mteja aliyeweka madau 100 akapatia 52 amerudishiwa shilingi 993,200 kati ya milioni moja aliyotoa: amepatia zaidi ya nusu, na bado amepoteza 6,800, kabla ya kodi.

Tunamshauri mteja asome masharti mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni kama dau hufutwa mrushaji aliyetangazwa anapobadilishwa, maana mrushaji mwingine ni hesabu nyingine. La pili ni hatima ya dau mvua inapokatisha mchezo kabla ya awamu tisa. Masharti haya hutofautiana kati ya kampuni na kampuni.