Simu imeibiwa? Funga laini kwanza, simu yenyewe baadaye

Simu ikiibiwa, wengi wetu huanza kwa kuipigia. Inaita mara mbili, inakatwa, unapiga tena, halafu unaambiwa mteja hapatikani. Dakika kumi zimeenda hivyo, na kwa hizo dakika kumi laini yako ilikuwa bado inafanya kazi mkononi mwa mtu mwingine.

Pesa zako za M-PESA haziko ndani ya simu. Haziko hata ndani ya laini. Salio liko kwenye mitambo ya kampuni. Laini inaonyesha wewe ni nani, na PIN inathibitisha kwamba umekubali. Ndiyo maana kufuli ya skrini, iwe ni ya kidole ama ya kuchora, haikulindi vile unavyofikiria. Mwizi anayejua kazi yake hahangaiki nayo. Anatoa laini, anaiweka kwenye kasimu kadogo ka batani (kale tunakoita mulika mwizi, na hapo anayemulikwa ni wewe), na kuanzia hapo SMS zako zote zinaingia kwake, pamoja na zile nambari za uthibitisho zinazotumwa na benki, na Google na WhatsApp.

Anachokosa ni PIN. Na hapa ndipo watu huumia, kwa sababu PIN mara nyingi haiko mbali. Kuna mtu ameihifadhi kwenye majina ya simu akaiita "Shangazi M". Kuna aliyepiga picha kitambulisho ili amtumie mwenye nyumba, na picha bado iko. Kitambulisho kina tarehe ya kuzaliwa, na ukiwa PIN yako ni mwaka wako wa kuzaliwa, basi umempa vyote viwili. Akishaingia hatoi salio tu. Anaweza kutumia Fuliza yako na kukopa M-Shwari kwa jina lako, kwa hivyo unaweza kupoteza zaidi ya ulichokuwa nacho.

Mfano: dirisha la matatu, saa kumi na mbili unusu

Tuchukue mama anayeuza mitumba Gikomba, ameketi dirishani kwenye matatu, Barabara ya Jogoo, msongamano. Anasoma ujumbe wa WhatsApp. Mkono unaingia, simu imeenda. Angalia hali yake: simu imenyakuliwa ikiwa wazi, haijafungwa. M-PESA ina shilingi 18,400 za mauzo ya leo. Fuliza yake inaruhusu 7,000. Kwa hivyo kinachoweza kwenda ni 25,400, mbali na mkopo mwingine wowote anaoruhusiwa.

Asishuke kumfuata mwizi. Aombe simu ya abiria wa karibu, na aulize kwanza: "Uko na laini ya mtandao gani?" Nambari ya huduma kwa wateja ni 100 kwa Safaricom na pia ni 100 kwa Airtel, kwa hivyo ukipiga 100 kwa laini ya mtandao mwingine utafika kwa kampuni ambayo si yako. Kama laini yako ni ya Safaricom, tafuta mtu wa Safaricom.

Akipokelewa aseme mambo mawili waziwazi: "Simu yangu imeibiwa. Naomba mfunge laini, na mfunge M-PESA pia." Ataulizwa maswali ya kumtambua. "Mama, nipe majina yako kamili na nambari ya kitambulisho." Halafu anaweza kuulizwa alitumia nani pesa mara ya mwisho, aliweka kredo ya ngapi, ama anampigia nani sana. Ndiyo sababu inafaa kujua nambari ya kitambulisho chako kwa kichwa. Hatakiwi kutaja PIN, na mhudumu wa kweli hataiuliza. Kabla ya kukata, athibitishe kwamba vyote viwili vimefungwa, na aandike saa na nambari ya ripoti kama amepewa.

Sasa, kwa sababu simu ilinyakuliwa ikiwa wazi, kuna kazi ya pili inayofaa kufanywa wakati huohuo. Kama yuko na mwenzake, huyu apige 100 na yule afungue android.com/lock kwenye simu yake. Hapo unaandika nambari ya simu iliyoibiwa, na skrini yake inajifunga bila kuhitaji nenosiri la Google. Inafanya kazi tu kama mwenye simu aliwasha "Remote Lock" mapema, kwenye mipangilio ya "Theft protection", na kama simu iko na intaneti. Ukifunga laini, bando nalo linakatika, na amri ya kufunga skrini haitafika. Kwa hivyo kama mko wawili, fanyeni yote kwa pamoja. Kama uko peke yako, laini ndiyo ya kwanza.

Kuondoa akaunti zako ukiwa mbali

Laini ikishafungwa, pumua, halafu nenda kwa akaunti ya Google. Hapa mpangilio ni muhimu kuliko watu wanavyodhani.

Fungua android.com/find kwenye simu ya mtu unayemwamini ama kompyuta, kwa dirisha la faragha ili nenosiri lako lisibaki huko. Utaona simu yako na mahali ilipoonekana mwisho. "Secure device" inafunga skrini. "Factory reset device" inafuta kila kitu, ila ukishafuta hutaweza kuona tena simu iko wapi, na kadi ya kumbukumbu ya nje inaweza kubaki na picha zako. Simu ikiwa imezimwa, amri inasubiri mpaka itakapopata intaneti. Kama ulikuwa na picha za kitambulisho na simu haionekani kurudi, futa. Simu utanunua nyingine.

Baada ya hapo ndipo uende myaccount.google.com/device-activity, uchague ile simu na ubonyeze "Sign out". Usianze na hii. Ukiiondoa akaunti kwenye simu kwanza, ukurasa wa kuitafuta hautaifikia tena, na utakuwa umejinyima nafasi ya kuifunga ama kuifuta. Halafu badilisha nenosiri. Kumbuka pia kwamba kuondoka kwenye Google hakukuondoi kwenye Facebook, WhatsApp ama programu ya benki. Kila moja ina mlango wake. Wenye iPhone waende icloud.com/find wachague "Mark As Lost", na wasiguse "Remove This Device", maana hiyo inamwondolea mwizi kizuizi kinachoifanya simu isiuzike.

Kuna mtego mmoja. Unajaribu kuingia Google, nayo inasema imetuma nambari ya uthibitisho kwa SMS. SMS gani, na laini umeifunga? Hapo wengi hukwama, na wengine huomba laini ifunguliwe "kidogo tu". Usifanye hivyo. Kama ulichapisha zile nambari 10 za akiba za Google, tumia moja. Kama huna, subiri laini mpya. Pesa ziko salama na Google inaweza kungoja hadi kesho asubuhi.

Polisi, laini mpya, benki

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na ulikoibiwa, uandikishe kwenye OB na upewe nambari yake, kisha uombe abstrakti. Beba IMEI ya simu, ile nambari ya tarakimu 15. Iko kwenye kisanduku cha simu. Hiyo OB itakusaidia sana siku mtu atakapodai kwamba laini yako ilitumika kutapeli saa moja usiku na wewe unasema ilikuwa imeibiwa saa kumi na mbili unusu. Kama kitambulisho pia kilikuwa kwenye mfuko uleule, abstrakti ndiyo utakayoanza nayo kutafuta kingine.

Laini mpya yenye nambari yako ileile unaipata kwenye duka la kampuni ukiwa na kitambulisho halisi. Ikianza kufanya kazi, ya zamani inakufa kabisa, popote ilipo, na salio lako unalikuta. Kitu cha kwanza ni kubadilisha PIN. Cha pili ni kuomba taarifa ya M-PESA kuanzia saa uliyoibiwa, na kuisoma mstari kwa mstari, pamoja na Fuliza. Ukiona muamala usioujua, ripoti papo hapo ukiwa na nambari yake ya muamala. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyezipokea, kuna nafasi ya kuzizuia. Zikishatolewa kwa ajenti, kuzipata ni kesi ya polisi.

Usishtuke benki ikikataa. Benki nyingi hugundua kwamba laini imebadilishwa na kusimamisha huduma za simu mpaka uthibitishe ni wewe. Wanafanya vizuri.

WhatsApp nayo, isajili kwenye simu mpya kwa laini mpya. Papo hapo ile ya mwizi inatoka. Kama mwizi aliweka PIN yake ya hatua ya pili, utasubiri siku 7 kabla ya wewe kuingia, lakini yeye ameshatolewa. Kabla ya hapo, mwambie ndugu ama jirani aandike kwenye kikundi cha familia na cha chama: "Simu ya mama imeibiwa, mtu akiomba elfu mbili kwa jina lake msitume."

Siku mbili tatu baadaye unaweza kupigiwa na mtu mwenye sauti ya heshima: simu yako imepatikana, tuma PIN tuifungue, ama tuma pesa kidogo za usafiri. Safaricom hupigia wateja kwa 0722 000 000. Polisi hawahitaji PIN yako. Kata simu.

Kwa wewe ambaye simu bado iko mkononi

Weka PIN ya SIM leo, ile ya laini yenyewe, si ya M-PESA. Kwenye simu nyingi iko kwenye "Settings", sehemu ya "Security", "SIM lock". Mwizi akihamisha laini kwa simu nyingine, itamuuliza PIN hiyo, na akikosea mara 3 inajifunga. Tafuta kwanza nambari yako ya PUK, kwa sababu wewe pia unaweza kukosea, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa. Usiihifadhi kwenye simu hiyohiyo. Iandike kwenye karatasi pamoja na IMEI, ambayo utaiona ukibonyeza:

```
*#06#
```

Karatasi ibaki nyumbani.