Kuhifadhi Mahindi na Maharage katika Mifuko Isiyopitisha Hewa

Mkulima wa Lutindi, wilayani Korogwe, huvuna mahindi ambayo tayari yana adui ndani yake. Fukusi huanza kutaga mayai shambani, kabla gunia halijafika nyumbani, na mabuu hukua wakiwa wamefichwa ndani ya punje. Maharage nayo hubeba mayai ya wadudu wake kutoka kwenye maganda yaliyokauka. Kwa hiyo gunia lililopakiwa leo laweza kuonekana safi, na baada ya miezi mitatu likawa limejaa punje zilizobunguliwa na unga wa vumbi.

Mfuko usiopitisha hewa, ambao hapa nchini hujulikana pia kwa jina la Kinga Njaa, una tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito kwa ndani, na gunia la nyuzi kwa nje. Gunia la nje hubeba uzito. Kazi ya kuua wadudu hufanyika ndani ya plastiki.

Tuchukue mfano wa gunia la kilo 100 za mahindi makavu. Hata likishindiliwa vizuri, kati ya punje hubaki lita 50 hivi za hewa, na takribani sehemu moja kwa tano ya hewa hiyo ni oksijeni. Wadudu waliomo hupumua, huitumia oksijeni hiyo na kutoa hewa ya ukaa. Kwa kuwa hewa mpya haiingii, oksijeni hupungua siku hadi siku. Inapofikia kiwango cha chini sana, wadudu huacha kula na kutaga. Zaidi ya hayo, mdudu wa ghalani hapati maji ya kunywa. Maji mengi ya mwili wake huyatengeneza mwenyewe anapovunja chakula kwa msaada wa oksijeni. Oksijeni ikikosekana, maji nayo hukosekana, na mdudu hufa kwa kukauka. Hakuna sumu iliyotumika, na chakula chaweza kupikwa siku yoyote mfuko unapofunguliwa.

Jambo gumu zaidi kwa wakazi wa milimani ni unyevu. Katika ukungu wa Lutindi mahindi hukauka polepole kuliko katika nyanda za Handeni, na mfuko haukaushi nafaka. Huufungia ndani unyevu uliomo. Mahindi mabichi yatavunda na kuota kuvu, ambao waweza kuzalisha sumukuvu, na mfuko hauwezi kuiondoa sumu hiyo. Mahindi yapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.

Asiye na kipimo atumie chumvi. Weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu katika chupa safi ya kioo iliyokauka, ongeza punje hadi theluthi moja ya chupa, funga, kisha tikisa kwa dakika moja na uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, anika tena. Kipimo hiki hugundua unyevu uliozidi asilimia 15 hivi. Kwa hiyo hata isiponata, tunashauri kuongeza siku moja ya jua kali.

Nafaka ikishakauka, iache ipoe, ipepete, na uondoe vipande vya magunzi na mabua, kwani ncha zake hutoboa plastiki. Jaza hewa katika kila mfuko wa ndani, usokote mdomo na uubane: hewa ikivuja, kuna tundu. Kisha jaza nafaka kwa mafungu ukishindilia ili hewa itoke. Acha mdomo wa kutosha kusokotwa, uukunje mara mbili na uufunge imara kwa kamba au mpira. Fanya hivyo kwa mfuko wa pili, kisha kwa gunia la nje.

Weka mfuko juu ya chaga, mbali na ukuta, jua na panya. Usiufungue kwa angalau miezi miwili, kwa sababu kila ufunguapo oksijeni huingia na wadudu waliosalia huweza kuzinduka. Familia inayokula kila siku itenge nafaka ya matumizi katika chombo kingine.

Utakapofungua, wadudu waliokufa na punje zenye matundu machache ni jambo la kawaida. Mfuko haurudishi kilicholiwa kabla. Lakini ukikuta wadudu hai wengi, tafuta tundu: dumuzi na panya waweza kutoboa plastiki. Ukisikia harufu ya kuvunda au kukuta punje zenye kuvu, nafaka ilifungwa ikiwa mbichi. Usiile wala kuwalisha mifugo. Mfuko usio na tundu waweza kutumika tena msimu ujao, ila wenye matundu katika plastiki zote mbili hauna tofauti na gunia la kawaida.