Wakili hasomi barua ndefu, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Rukuba, barua yako nimeipata pamoja na ile uliyowapelekea mawakili watano wa Musoma mjini, ambayo hakuna hata mmoja aliyeijibu. Usinikasirikie: hata mimi nisingeijibu. Kurasa mbili nzima unaeleza ulisoma wapi na unavyokipenda Kiswahili, halafu mwishoni unasema utafanya kazi "kwa ubora na kwa wakati". Wakili anayewahi mahakamani saa tatu hawezi kufanya lolote na maneno hayo.

Kabla ya barua, nikutoe hofu. Umeandika kwamba huenda mawakili hawakuhitaji tena, kwa kuwa mahakama sasa ni Kiswahili. Tena jambo hilo limepitia hapo hapo kwenu. Jaji Zephrine Galeba alikuwa Mahakama Kuu ya Musoma alipoandika kwa Kiswahili hukumu ya shauri lililouhusu mgodi wa North Mara, na Siku ya Sheria, tarehe 1 Februari 2021, Rais Magufuli akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikabaki kwa mazingira maalumu. Lakini mkataba wa mkopo wa benki mara nyingi bado unakuja kwa Kiingereza, hukumu nyingi za zamani ni za Kiingereza, na kampuni ya nje inayoshtakiwa na mwanakijiji inataka kusoma maelezo ya mashahidi kwa lugha yake. Kazi haijaisha. Imekuwa ya kwenda na kurudi.

Sasa sampuli. Uliyoambatanisha ina kurasa saba, na ni mkataba wa mtu halisi, jina lake na namba ya kiwanja vinasomeka. Wakili akiona hivyo anajiuliza jambo moja tu: nyaraka za wateja wangu atampelekea nani? Ufute huo leo. Ukitaka nyaraka halisi, chukua aya ya hukumu iliyokwisha kuwekwa wazi TanzLII. Ukitaka ya kwako, itunge, na uandike juu kabisa kwamba ni ya kutunga. Nusu ukurasa inatosha: asili kushoto, tafsiri kulia, aya zenye namba zinazolingana ili jicho liruke kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila kutafuta.

Na nusu ukurasa huo uwe na mtego ambao wakili anaujua. Wewe unaishi kisiwani, mitego unayo mlangoni. Tazama maelezo haya ya shahidi niliyokutungia:

"Niliondoka mwaloni saa mbili usiku nikiwa na ndugu yangu. Tulirudi saa nane usiku, tukakuta mashine ya mtumbwi wa jirani haipo."

Mfasiri mwenye haraka anayapeleka kwa Kiingereza na namba zake zile zile, 2 na 8. Kwa saa za Kizungu, shahidi sasa ameondoka usiku wa manane ukiwa umeshapita na kurudi usiku unaofuata, wakati yeye amesema 20:00 mpaka 02:00. Kama mshtakiwa anajitetea kwamba saa nne usiku alikuwa ziwani na shahidi huyo, utetezi umeuawa na mfasiri. "Mashine" nayo: pale Rukuba kila mtu anajua ni injini ya kufunga nyuma ya mtumbwi, ila mtu wa mjini ataifanya mashine ya kusaga.

Halafu "ndugu". Hapo ndipo nataka wakili akuone. Ndugu ni kaka, ni dada, ni binamu, hata mtu wa ukoo tu. Kiingereza kinakulazimisha uchague, na wewe huna haki ya kumchagulia shahidi. Weka neno pana la jamaa, kisha chini andika maelezo mafupi ya mfasiri kwamba asili haikutaja uhusiano wenyewe. Kwenye kesi ya mtumbwi pengine halina uzito. Kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaoambatishwa kwenye maombi ya usimamizi wa mirathi, ukiandika "kaka" pasipo kaka umeingiza mtu kwenye familia ya marehemu.

Tuje kwenye muda, nilikoumia mwenyewe. Niliwahi kumwahidi wakili mmoja hati ya kiapo "kesho". Mimi kesho yangu ilikuwa jioni. Yake ilikuwa saa mbili asubuhi, kabla shauri halijaitwa. Hakunigombeza, ila hakunipigia tena. Tangu siku hiyo naandika saa.

Ahadi inatoka kwenye hesabu, haitoki kwenye hamu ya kupata kazi. Ukurasa uhesabu kuwa maneno 250, ili wewe na wakili msigombane juu ya ukubwa wa herufi. Tuseme ameleta hati ya kiapo ya kurasa sita, maneno 1,500, saa nne asubuhi. Kwa maneno 300 kwa saa, ambayo ni mwendo wa mtu makini, hizo ni saa tano za kufasiri. Lala nayo. Asubuhi uisome kwa sauti ukilinganisha na asili, namba na majina kwanza, saa moja na nusu hivi. Saa tano asubuhi umemaliza. Basi mwahidi saa kumi jioni. Hizo saa tano za katikati ni za umeme na mtandao. Ikiwa imeandikwa kwa mkono, hesabu siku mbili. Na saa zianze kuhesabiwa ukishapata nakala inayosomeka, siyo picha ya simu iliyokatwa pembeni.

Usiunganishe ahadi ya barua pepe na ya karatasi. Faili unalituma ukiwa Rukuba. Ila tafsiri yenye kiapo chako mbele ya kamishna wa viapo inakutaka uvuke, na upepo ukichafuka huvuki. Kwa hiyo iahidi karatasi siku mbili baada ya faili, kwa masharti ya hali ya ziwa, na uyaandike masharti hayo. Wakili wa Musoma anaijua Nyanza, hatakushangaa. Yeye anahesabu siku pia: mdaiwa ana siku 21 za kuleta utetezi wake, na mara nyingi hati itakufikia wewe zikiwa zimebaki tatu.

Barua yenyewe ni hii, na isizidi hapa:

"Wakili Msomi, nafasiri nyaraka za mashauri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Sampuli ya nusu ukurasa nimeambatanisha. Ni ya kutunga. Hati isiyozidi kurasa sita za maneno 250, iliyochapwa na kunifikia kabla ya saa sita mchana, faili lake utalipata siku ya kazi inayofuata kabla ya saa kumi jioni. Nikichelewa, hulipi. Karatasi iliyosainiwa hufuata ndani ya siku mbili, ziwa likiruhusu. Bei kwa ukurasa ni hii. Simu yangu ni hii."

Usijiite mfasiri aliyethibitishwa kama hujathibitishwa. Bakita nao wanatoa huduma za tafsiri, na wakili akitaka muhuri wao anajua pa kwenda. Barua mkabidhi karani wa ofisi mkononi, siku utakayovuka kwa shughuli zako, na umuulize nyaraka gani huwasumbua zaidi. Yeye ndiye anayezihangaikia.

Sampuli yako mpya nitumie kwanza niione. Ila kwenye hiyo ya zamani, aya ya nne, "mdhamini" wa mkopo umemfanya mdhamini wa msikiti. Anza na huyo.